Umepandisha bei ya chapati: jinsi ya kujua kwa daftari kama umepata au umepoteza

Kila unga ukipanda, napata swali lile lile. "Nimeongeza shilingi 5, wateja wamepungua, sasa nirudishe bei?" Huyu ana chapati, yule ana mandazi, mwingine anauza maziwa kwa kikombe. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja.

Mfano nitakaotumia ni wa kibanda cha dada yangu, Eneo la Viwanda, Nairobi, kando ya barabara ya Lunga Lunga. Mimi ndiye ninayemwekea hesabu. Chapati zake zilikuwa shilingi 20, akazipandisha hadi 25. Mwezi ulipoisha akajumlisha mauzo ya chapati, akaona yameshuka kutoka shilingi 86,400 hadi 81,000. Akanipigia simu usiku. "Nimejifukuzia wateja, kesho narudisha ishirini." Nikamwambia asiguse bei mpaka nifike na daftari. Tarakimu za hapa chini ni zake, nimezisawazisha kidogo tu ili zihesabike bila kuumiza kichwa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Daftari la idadi iliyouzwa kila siku, angalau wiki nne kabla ya bei kupanda na wiki nne baada yake.
- Bei ulizonunulia vitu: unga, mafuta, karatasi ya kufungia. Kabla na baada. Risiti ya duka la jumla ikipotea, muulize mwenye duka, wengi wao hukumbuka.
- Idadi ya kitu kingine unachouza ambacho bei yake hukuigusa. Utaona kazi yake katika hatua ya 5.
- Simu yenye kikokotoo.

Kama hukuandika idadi ya kabla, usikate tamaa bado. Soma hatua ya 2 kwanza.

Hatua ya 1: Chagua wiki zinazofanana

Linganisha Jumatatu na Jumatatu, Jumamosi na Jumamosi. Eneo la Viwanda siku ya Jumamosi watu wengi hufanya kazi nusu siku, na Jumapili dada yangu hafungui kabisa. Ukichukua siku kumi za kabla na siku kumi za baada bila kuangalia kalenda, unaweza kuwa na Jumamosi mbili upande mmoja na moja upande wa pili, halafu ukadhani bei ndiyo iliyokufanyia hivyo.

Wiki nne kwa wiki nne huondoa tatizo hilo, na pia mara nyingi kila upande unapata mwisho wa mwezi mmoja. Hilo ni muhimu Nairobi. Mtu aliyepokea mshahara tarehe 30 anakula chapati mbili na ndengu, na tarehe 22 mtu huyo huyo anakula moja, anasukumia na chai. Kama wiki moja ina sikukuu, kwa mfano tarehe 20 Oktoba, na viwanda vimefungwa, iondoe wiki hiyo na utafute nyingine.

Kisha acha nje wiki ya kwanza baada ya kupandisha. Usiihesabu popote. Wiki hiyo watu wana hasira, wengine wanajaribu jirani, wengine wanarudi. Kwa dada yangu wiki ya kwanza iliuza chapati 690, na zilizofuata zilipanda tena hadi kama 800. Angehukumu kwa wiki ile moja angefunga kibanda.

Kama bidhaa yako haiharibiki haraka, mfano sukari au sabuni, na ulitangaza mapema kwamba bei itapanda, acha nje pia wiki ya mwisho kabla ya bei kupanda. Watu hununua za akiba siku hizo, na mauzo yanaonekana makubwa kuliko kawaida. Chapati haina shida hiyo. Hakuna anayeweka chapati ya wiki ijayo.

Hatua ya 2: Hesabu vipande, usihesabu pesa

Taarifa ya M-Pesa haitoshi. Inakuonyesha kwamba mtu alilipa shilingi 75, haikuambii alikula nini, na waliolipa kwa sarafu hawamo. Unachotaka ni idadi ya chapati.

Kama hukuandika idadi, kuna njia ya mlango wa nyuma: pakiti za unga. Pakiti moja ya kilo 2 kwa mkono wa dada yangu hutoa chapati 25. Beli moja ina pakiti 12, kwa hiyo ni chapati 300. Ukijua ulifungua pakiti ngapi katika wiki nne, zidisha kwa 25, toa zilizoliwa nyumbani na zilizobaki, utakuwa karibu sana na ukweli. Ila usichukue 25 yangu. Hesabu zako kutoka pakiti tano, kisha gawanya kwa tano, maana kila mkono una donge lake.

Idadi za kibanda, wiki nne za kabla kisha wiki nne za baada:

- Kabla, kwa shilingi 20: 1,060, 1,110, 1,045, 1,105. Jumla 4,320.
- Baada, kwa shilingi 25: 790, 805, 835, 810. Jumla 3,240.

Kabla ya kuendelea, tazama wiki bora ya baada na wiki mbaya ya kabla. Bora ni 835, mbaya ni 1,045. Hazigusani kabisa, kwa hiyo mauzo yameshuka kweli, si mawimbi ya kawaida ya biashara. Kama zako zinaingiliana, yaani wiki moja ya baada imeipita wiki moja ya kabla, endelea kuandika wiki nne nyingine kabla ya kutoa hukumu.

*Onyo.* Kama siku za kabla chapati zilikuwa zinaisha saa tano asubuhi na watu wanaondoka mikono mitupu, idadi yako ya kabla ni ndogo kuliko mahitaji ya kweli. Uliuza ulizopika, hukuuza walizotaka. Andika saa ambayo chapati ziliisha kila siku. Siku ambazo ziliisha mapema ziwekee alama na uzitazame peke yake.

Hatua ya 3: Tafuta gharama ya chapati moja, mara mbili

Mara ya kwanza kwa bei za zamani za unga na mafuta, mara ya pili kwa bei mpya. Weka tu kile kinachoongezeka ukipika chapati moja zaidi.

Kabla: pakiti ya unga ilikuwa shilingi 175, gawanya kwa 25, ni shilingi 7. Mafuta shilingi 4. Chumvi na karatasi shilingi 1. Jumla 12.

Baada: pakiti ikafika shilingi 200, kwa hiyo unga ni shilingi 8. Mafuta 5. Chumvi na karatasi 1. Jumla 14.

Utauliza, na makaa? Na kodi ya kibanda, na ada za kaunti, na kijana anayesukuma chapati? Viache. Dada yangu huwasha debe moja la makaa kwa siku, apike chapati 180 au 135. Kijana analipwa kwa siku. Kodi haijui umeuza ngapi. Hivi ni vya kulipwa, lakini viko sawa pande zote mbili, na ukivitoa kabla na baada tofauti haibadiliki hata shilingi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kugawanya kodi ya mwezi kwa idadi ya chapati, kisha mauzo yakipungua anaona gharama ya chapati moja imepanda, anapandisha bei tena, mauzo yanapungua tena. Huko ni kujifukuza mwenyewe.

Lakini kama mauzo yamepungua kiasi cha kumwachisha kijana kazi au kubaki na nusu debe, basi hicho kimebadilika na kinaingia kwenye hesabu.

Hatua ya 4: Hesabu faida tatu, si mbili

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Nakuomba usome polepole.

Kanuni yenyewe ni fupi:

```
faida = (bei - gharama ya moja) * idadi
```

Faida ya kabla: 20 toa 12 ni 8. Mara 4,320. Ni shilingi 34,560.

Faida ya baada: 25 toa 14 ni 11. Mara 3,240. Ni shilingi 35,640.

Kwanza, ona kwamba mauzo yalishuka kwa shilingi 5,400 na faida haikushuka. Ndiyo maana jumla ya mauzo pekee si ya kutazama. Lakini dada yangu alipoona faida imeongezeka shilingi 1,080 tu akasema, "Kwa hiyo nimegombana na wateja mwezi mzima kwa elfu moja?" Na hapo ndipo alipokosea tena, kwa sababu alikuwa analinganisha na mwezi ambao hauwezi kurudi.

Unga wa shilingi 175 haupo tena. Hata akirudisha chapati kwa 20, haitarudi gharama ya 12. Kwa hiyo swali la kweli ni hili: angebaki na shilingi 20 huku unga na mafuta vimepanda, angepata nini? Hiyo ndiyo faida ya tatu, na haimo katika daftari. Lazima uiunde mwenyewe.

Faida kama angebaki: 20 toa 14 ni 6. Tuchukulie kwa sasa angeuza zile zile 4,320. Ni shilingi 25,920.

Linganisha 35,640 aliyopata na 25,920 ambayo angepata. Tofauti ni shilingi 9,720. Hiyo ndiyo kazi ya bei mpya, si 1,080. Ile tofauti nyingine ilimezwa na unga na mafuta, na ingemezwa hata asingegusa bei.

Ukiandika kwenye jedwali la kompyuta au la simu, weka bei seli B1, gharama B2, idadi B3, na chini yake:

```
=(B1-B2)*B3
```

Fanya hivyo katika safu wima tatu: kabla, baada, na kama ningebaki. Safu ya tatu huchukua bei na idadi ya safu ya kwanza, na gharama ya safu ya pili.

Kama gharama zako hazikubadilika, safu ya kwanza na ya tatu zitakuwa sawa, na hapa unaweza kuiacha ya tatu. Ila sijaona mtu Nairobi aliyepandisha bei kwa starehe tu.

Hatua ya 5: Ita shahidi

Nimesema angeuza 4,320 zile zile. Pengine si kweli. Pengine kiwanda cha karibu kilipunguza vibarua mwezi huo, au mvua za Machi hadi Mei zilianza na njia ikawa tope. Watu wangepungua hata bei ingebaki 20, na si haki kuibebesha bei mzigo huo.

Shahidi ni bidhaa nyingine kibandani ambayo bei yake haikuguswa na ambayo wanunuzi wake hawaji kwa ajili ya chapati. Kwa dada yangu tulichukua maji ya chupa. Wanaoyanunua ni makondakta na watu wa mikokoteni. Wananunua wakipita, hawakai. Kabla aliuza chupa 600, baada 570. Yaani asilimia 95 ya zile za kabla.

Basi tunasema hata chapati zingeshuka hivyo kwa sababu ya njia tu. 4,320 mara 0.95 ni 4,104. Hizo ndizo ambazo angeuza kwa shilingi 20.

Sasa rekebisha:

- Chapati zilizopotea kwa sababu ya bei: 4,104 toa 3,240, ni 864. Ni kama asilimia 21, si asilimia 25 kama daftari tupu lilivyoonyesha.
- Faida kama angebaki: 4,104 mara 6, ni shilingi 24,624.
- Kazi ya bei mpya: 35,640 toa 24,624, ni shilingi 11,016.

*Onyo.* Usimchague shahidi anayekula meza moja na mshtakiwa. Chai haifai, maana anayeacha chapati anaacha na chai yake, na utadhani wateja wamepungua njiani kumbe ni bei yako. Wala chapati za jirani hazifai, kwa sababu waliokukimbia pengine wako kwake.

Hatua ya 6: Hesabu kilichoondoka na chapati

Mteja haondoki peke yake. Anaondoka na bakuli la ndengu.

Ndengu za dada yangu ni shilingi 50 bakuli na zinamwachia shilingi 15. Bei yake haikubadilika, wala gharama. Kabla aliuza bakuli 1,440. Kwa kipimo cha shahidi, mara 0.95, angeuza 1,368. Aliuza 1,104. Zimepotea bakuli 264, mara 15, ni shilingi 3,960.

Toa katika ile faida: 11,016 toa 3,960, inabaki shilingi 7,056 kwa wiki nne. Hiyo ndiyo niliyomwandikia kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari. Chapati 864 zimekwenda, bakuli 264 zimezifuata, na bado yuko mbele kwa shilingi elfu saba kuliko angebaki na ishirini.

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na kwenye vibanda fulani ndiyo inayogeuza jibu. Kama chapati yako ni ya kuvutia watu tu na pesa hasa iko kwenye nyama, shilingi 5 ya chapati inaweza kukugharimu sahani ya nyama.

Hatua ya 7: Jua mpaka wako

Hesabu hii ifanye mara moja tu, kisha ubandike jibu ukutani. Chukua faida ya chapati moja ukiuza kwa bei ya zamani na gharama mpya, yaani 6, uigawanye kwa faida ya chapati moja ukiuza kwa bei mpya, yaani 11. Ni 0.545. Zidisha kwa 4,104, unapata kama chapati 2,239, au 93 kwa siku. Mauzo yakishuka chini ya 93 kwa siku, bei ya 25 inakula hasara ukilinganisha na 20. Ndengu zinausogeza mpaka huo juu zaidi, kwa hiyo dada yangu nilimwandikia 120 ili awe na nafasi ya kupumua.

Mambo yakienda kombo

*Mauzo yameshuka sana siku chache tu, nyingine ni kawaida.* Tazama chenji kwanza. Bei ya 25 ina ugonjwa wake: mwenye noti ya 50 anataka moja, na wewe huna sarafu ya shilingi 5. Anasema "basi niache". Dada yangu alipoteza wateja wa asubuhi kwa njia hiyo mpaka alipoanza kuja na sarafu za tano kwenye kikopo cha majani ya chai. Huo si uzito wa bei, ni uhaba wa tano.

*Idadi haipatani na unga.* Pakiti 130 zilizofunguliwa ni chapati 3,250. Daftari lina 3,240. Tofauti ya kumi ni sawa, kuna zilizoungua na zilizoliwa. Tofauti ikifika mia mbili, kuna chapati za deni ambazo hazikuandikwa, au kuna mtu anakula biashara.

*Nilipandisha bei na kupunguza donge siku moja.* Hapo huwezi kujua wateja wamekimbia bei au wamekimbia udogo. Rudisha donge la zamani, acha bei, hesabu wiki nne upya. Na kumbuka donge dogo linabadilisha gharama ya hatua ya 3, pakiti haitoi tena 25.

*Jirani naye alipandisha wiki mbili baadaye.* Gawanya kipindi cha baada katika sehemu mbili, kabla na baada ya jirani. Ukiona wateja wako wanarudi katika sehemu ya pili, wiki zako za mwanzo zilikuwa zinapima pengo kati yako na jirani, si shilingi 25 yenyewe. Kwa jibu la kudumu tumia sehemu ya pili.

*Sina bidhaa ya kuwa shahidi, nauza chapati tu.* Tumia wiki zile zile za mwaka jana kama unazo. Kama huna, hesabu watu wanaopita mbele ya kibanda kwa dakika kumi, saa moja na nusu asubuhi, siku hizo hizo za wiki. Si kipimo kizuri sana, lakini kinatosha kukuonyesha kama njia imekauka. Kikikosekana kabisa, ishia hatua ya 4 na uandike pembeni kwamba idadi ya "kama ningebaki" ni ya kukisia.

*Faida ya baada ni ndogo kuliko ya kabla, lakini kubwa kuliko ya kubaki.* Hii ndiyo inayowasumbua wengi, na ndiyo iliyompata mwenye maziwa mmoja wiki jana. Bei mpya ni sahihi, ila gharama zimepanda kuliko ilivyoweza kufidia. Kurudisha bei kutaongeza hasara. Kinachobaki ni kutafuta unga kwa bei ya beli badala ya pakiti, au mafuta ya mtungi wa lita 20, kisha urudie hatua ya 3 na bei hizo.